Kuhusu ule ujumbe wa "tunasikitika"

Rafiki yangu,

Nimeusoma huo ujumbe wa kukunyima kazi ulionitumia, nikatafuta walau sentensi moja inayokuhusu wewe. Haimo. "Baada ya kupitia maombi yako kwa makini, tunasikitika kukujulisha..." Hata nafasi uliyoomba hawakuitaja.

Ila tazama saa. Ulituma maombi usiku, na jibu likaingia kabla hujalala. Nani alikuwa ofisini saa hizo akipitia kwa makini? Nilipokuwa kwenye kazi ya kuajiri, jibu la haraka namna hiyo kwa kawaida lilitokana na maswali ya fomu: miaka ya uzoefu, cheti, kibali cha kazi. Anayeandaa fomu huweka jibu la kumwondoa mwombaji, na barua inajituma yenyewe. Lingekuja baada ya wiki mbili tatu, ningesema kuna mtu aliyekusoma. Sasa wewe unasema sehemu ya tarehe kwenye kazi yako ya sasa uliiacha wazi. Huenda miaka yote hiyo haikuhesabiwa.

Kwa hiyo usiulize "kwa nini mmenikataa?" Swali hilo humtia afisa ajira woga, maana kulijibu ni kuanza kukulinganisha na wenzako, na ofisi nyingi hazitaki hilo liandikwe. Muulize kitu cha kujibika kwa mstari mmoja. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunijulisha matokeo ya ombi langu, na ninaheshimu uamuzi wenu. Ninaomba kufahamu jambo moja: je, ombi liliishia kwenye masharti ya fomu, au lilisomwa na wahusika? Kama ni masharti, nitashukuru kujua ni lipi ambalo sikulitimiza, kwani ningependa kuomba tena kwenu nafasi zikitokea. Asanteni kwa muda wenu."

Basi. Namba ya tangazo iweke kwenye kichwa cha barua pepe, la sivyo hawatakupata kwenye orodha. Usiambatishe wasifu, na usiguse habari ya tarehe kwa sasa. Wakijibu kwamba uzoefu haukufika, hapo ndipo utaandika barua ya pili yenye tarehe kamili na kuomba mtu aitazame upya. Ukianza na hoja hiyo kabla hujajua sababu, unaweza kuwa unajitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona. Sheria za ulinzi wa data, zile za kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine, nazo ziache kabatini. Ukizitaja mapema, barua huhamia kwa wanasheria, na huko majibu ni makavu kuliko hayo uliyopata.

Jambo lingine: usibonyeze "jibu". Ujumbe umetoka kwenye anwani ya noreply, na chochote utakachotuma huko hakuna atakayekisoma. Rudi kwenye tangazo utafute anwani ya idara ya ajira. Tuma wiki hii, na wakikaa kimya kumbusha mara moja tu.

Nitumie rasimu yako kwanza niipitie. Nakujua ukikasirika, adabu yako huwa na miiba.

Wako daima