Oili Imepungua na Aina Yako Haipo: Uongezee Nyingine au Usubiri?

Swali hili hutufikia hapa gereji kwa simu zaidi kuliko ana kwa ana, na mara nyingi mpigaji amesimama kando ya barabara, kijiti cha kupimia oili mkononi. Oili imeshuka hadi alama ya chini, dukani kuna chupa ya kampuni nyingine, namba zake nazo si zile alizozoea. Aimimine?

Kama ni oili ya injini, na ndiyo pekee iliyopo, mimina. Injini haiharibiki kwa kukutanisha kampuni mbili. Inaharibika pale oili inaposhuka kiasi kwamba pampu inavuta hewa ukikata kona au ukipanda mlima, na beringi za kranki zikabaki kavu. Tena taa nyekundu ya oili haikuonyi mapema. Katika magari mengi taa hiyo inasoma presha ya oili, haisomi kiasi kilichobaki, kwa hiyo ikiwaka presha imeshaanguka. Hapo zima injini papo hapo.

Hofu kubwa ya watu ni kwamba oili mbili zitagombana na kuganda kama uji. Oili zenye alama halali ya API, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya oili, haziwezi kufanya hivyo, kwa sababu kukubali kuchanganyika na oili nyingine za injini ni moja ya masharti ya kupewa alama hiyo. Oili huchanganywa na oili nyingine za kupimia, ikapoozwa na kupashwa moto, kisha ikaangaliwa kama imejitenga. Sinthetiki na ile ya kawaida nazo zinakaa pamoja bila shida. Hiyo inayouzwa kwa jina la nusu sinthetiki imetengenezwa kwa kuzichanganya hizo hizo mbili kiwandani.

Ila kuchanganyika vizuri si sawa na kufanya kazi vizuri. Ndani ya kila chupa, pamoja na oili yenyewe, kuna dawa: za kusafisha, za kushikilia masizi yasitue chini, za kuzuia vyuma kusagana. Kila kiwanda hupanga vipimo vya dawa zake na kuupima mchanganyiko huo mmoja. Ukikutanisha mbili, unapata oili ya tatu ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Haina sumu, lakini haina dhamana pia.

Tuchukue mfano. Gari la petroli linabeba lita 4 za sinthetiki 5W-30, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti pana lita 1. Kijiti kikionyesha alama ya chini, ndani zimebaki lita 3. Dereva amepata 15W-40 tu, akaongeza lita nzima. Sasa robo ya oili yote ni ngeni.

Angalia namba ya pili kwanza, ile inayoeleza uzito wa oili ikiwa imechemka. Katika nyuzi 100, daraja la 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha mnato, na daraja la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3. Tuseme ya kwake ilikuwa 10.5 na aliyoongeza ni 14.5. Mchanganyiko huo utakuwa kama 11.4, yaani bado uko ndani ya daraja la 30! Injini ikiwa ya moto haitahisi kitu. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi: 5W hupimwa kama itaruhusu injini kuzunguka katika nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mahali pa baridi kali, hesabu kwamba umepoteza ile 5W. Pasipo na baridi ya namna hiyo, hasara yake ni ndogo.

Anachopoteza kweli ni muda. Ile sinthetiki ilikusudiwa kukaa muda mrefu kabla ya kumwagwa, na ya kawaida ina muda mfupi zaidi. Sisi tunashauri uhesabu kwa ile dhaifu: kama umebakiza safari ndefu kufikia sevisi, usiifikishe, mwaga mapema na ubadilishe filta pamoja nayo. Ukiwa umeongeza nusu lita tu ya oili ya daraja lile lile kutoka kampuni nyingine, hatuoni sababu ya kubadilisha ratiba.

Kwa hiyo dukani usianze na jina la kampuni. Geuza chupa usome nyuma. Tafuta herufi baada ya neno API: zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za diseli, na chupa nyingi zina zote mbili. Kwa petroli, herufi ya pili ikisogea mbele oili ni mpya zaidi. SN ilianza 2010 na SP 2020. Injini inayotaka SN itapokea SP bila neno. Ukiigeuza, ukaweka ya zamani kwenye injini mpya yenye turbo, ndipo unapoanza kuibania. Kati ya chupa yenye daraja sahihi la kampuni usiyoijua na chupa ya kampuni yako yenye daraja tofauti, sisi tungechukua ya kwanza.

Pako pahala tunapokataa, au tunapomwambia mteja aongeze kidogo mno cha kumfikisha tu. Diseli yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ile DPF, inataka oili yenye majivu machache. Masizi huungua ndani ya chujio, majivu hayaungui, yanabaki humo na kuliziba polepole. Pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini inahitaji alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Na oili ya gia, ya gia boksi ya otomatiki au ya injini za tustroki haiingii kabisa, hata tone la kuazima.

Unapoongeza, egesha pa tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke. Futa kijiti, kirudishe hadi mwisho, kisha ndipo usome. Mimina kidogo kidogo, upime tena. Ukipitisha alama ya juu, kranki inaweza kuipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma.

Baada ya hapo wengi huilaumu ile chupa ngeni: oili imekuwa nyeusi, gari limeanza kula oili. Weusi peke yake ni dawa ya kusafisha inafanya kazi yake. Na gari lilikuwa linakula oili kabla hujaongeza, ndiyo maana ilishuka. Tazama chini ya injini kama panavuja, tazama moshi wa buluu ukikanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko, na uandike kilomita za siku uliyoongeza. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo kuna maji yaliyoingia, usiendelee kuliwasha.

Ukilileta kwetu, njoo na ile chupa uliyoongeza, hata kama ni tupu. Nyuma yake ndiko tutakapoanzia kuamua kama tuimwage leo au tuiache ifike sevisi.