Kukata kichwa kwa elfu 15, na ile pete ya kijani kwenye mvi za bibi

Wiki iliyopita alikuja kaka mmoja wa Kibosho hapa studio na picha ya bibi yake aliyefariki, anataka itolewe kwenye migomba iwekewe mandhari ya bluu, ichapwe A3 ya msibani. Nikamwambia elfu 15. Akashangaa sana, "yaani kaka, kukata kichwa tu elfu 15? Simu yangu inakata bure." Nikamwambia sawa, uamuzi ni wako.

Kesho yake asubuhi karudi ameshachapisha kwingine. Nywele za bibi zimenyolewa duara kama kofia, sikio la kushoto limebaki nusu, na kichwa chote kimezungukwa na pete ya kijani. Tena ameshalipia printi mbili. Akaniuliza kama naweza kurekebisha hiyohiyo. Haiwezekani, kwa sababu ile app ilimhifadhia JPG, nyuma pakawa peupe tu na sikio lililokatwa halimo tena kwenye faili. Nikamwomba ile orijino ya shambani, anitumie WhatsApp kama dokumenti isibanwe.

Mimi kwenye uso sigusi raba hata siku moja. Raba inafuta, ukishahifadhi ukafunga basi. Natumia maski ya leya ndani ya Photoshop, na maski ni picha ya nyeusi na nyeupe tu iliyobandikwa kwenye leya, penye nyeupe panaonekana, penye nyeusi panafichwa, penye kijivu panaonekana nusunusu. Ukikosea sikio unashika brashi nyeupe, unalipaka, linarudi.

Sasa pete ya kijani inatoka wapi? Watu wengi wanazungusha uso kwa Lasso palepale ukingoni kisha wanaweka `Feather` kubwa, 10 au 15, wakidhani ukilainisha sana ndio inakuwa safi. Ule ulaini unaenda pande zote mbili, ndani ya mstari na nje yake, kwa hiyo huko nje unabeba migomba pamoja na shavu, na ukiweka nyuma ya bluu kijani kinajitokeza chenyewe. Mimi nikishazungusha naenda `Select > Modify > Contract` pikseli 2, mstari unaingia kidogo kwenye ngozi, ndipo naweka `Feather` pikseli 1, halafu nabonyeza `Add layer mask`. Kwenye GIMP ni `Select > Shrink`, halafu `Select > Feather`, kisha unaongeza maski kwenye leya na kuchagua `Selection`. Hizo namba ni za hii picha yenye upana wa pikseli kama 3000, ikiwa ndogo ya kutoka WhatsApp hata pikseli 2 zinakula shavu.

Lakini kilichonichukua saa nzima ni kwamba uso hauna ukingo wa aina moja. Simu ilifokasi macho ya bibi, kwa hiyo shavu na kidevu viko shapu, masikio yako nyuma kidogo yana ukungu, na mabega yana ukungu zaidi. Ukiweka ulaini mmoja kote, ama kidevu kinayeyuka ama bega linaonekana limekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo nilibonyeza ile maski yenyewe, nikapitisha Blur Tool sehemu za masikio na mabega tu, na pale kijani kilipochungulia nikapaka nyeusi kidogo kwa brashi laini.

Mvi ndizo zilizonitoa jasho. Mvi zinapitisha mwanga, kijani cha majani kinaingia ndani ya unywele wenyewe, ukikata chote unamnyoa bibi wa watu. Nikaziacha, nikafungua leya mpya juu yake, nikaifunga kwa `Create Clipping Mask`, nikaiweka modi ya `Color`, nikachukua kijivu cha mvi za katikati ya kichwa nikapaka pembeni taratibu. Kijani kikaondoka, nywele zikabaki mojamoja.

Kabla ya kuchapa nashika Alt nabonyeza kile kipicha cha maski, inatokea nyeusi na nyeupe tupu, na hapo ndipo niliona doa la kijivu katikati ya paji la uso, kwenye bluu lingekuja kama baka. Nikalipaka nyeupe. Halafu naweka nyuma nyeusi, kisha nyeupe, maana pete ya mwanga inajificha kwenye nyeupe na pete ya giza inajificha kwenye nyeusi.

Yule kaka alilipa elfu 15 ileile, sikumwongezea hata mia. Alipofungua bahasha aliangalia kwanza sikio la kushoto, akakuta hereni ya bibi ipo. Kwenye ile ya simu ilikatwa, na hakuna aliyeigundua hadi mama yake alipouliza iko wapi.