Uyole hadi Mafiati: saa ya kutoka kesho

Habari za jioni ndugu. Semina inaanza saa 2:00 asubuhi, kwa hiyo tuhesabu kurudi nyuma. Kutembea toka kituoni na kujiandikisha ni dakika 10, basi uwe umeshuka saa 1:50. Barabarani msitumie ule wastani wa dakika 30, utawachelewesha karibu siku moja kati ya kila mbili. Katika safari 10 tulizoandika humu, 9 ziliisha ndani ya dakika 50, tumieni hiyo. Daladala iondoke saa 1:00. Kuisubiri ijae dakika 10, kutembea hadi kituoni 5: nyumbani toka saa 12:45. Lori likikwama barabara kuu hata hizo 50 hazitoshi, hivyo chungulieni kikundi saa 12:30.