Kwa nini idadi ya waliofeli kwenye muhtasari haifanani na majina kwenye orodha

Shule zinazotuletea faili za Excel za matokeo mara nyingi huja na lalamiko hili. Mwalimu wa taaluma amepitia orodha ya darasa jina kwa jina, akahesabu wenye F, akapata wanne. Anageukia jedwali la muhtasari na chati iliyo chini yake, anakuta F ni sita. Jumla ya wanafunzi ni sahihi, hakuna jina lililorudiwa, na kila mwanafunzi ana daraja linalostahili mbele ya alama zake. Hata hivyo muhtasari unaokwenda kwa mkuu wa shule na kwenye kikao cha wazazi unaonyesha waliofeli wengi kuliko waliofeli kweli.

Kosa hili lina chanzo mahususi na dawa yake haichukui muda. Tunalieleza hapa kwa kirefu ili mwalimu aweze kulikagua mwenyewe kabla hajachapisha chochote.

Tutumie madaraja ya Kidato cha Nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambayo shule nyingi huyatumia hata kwenye mitihani yao ya ndani: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Kwenye faili, mwalimu huandika kijedwali cha madaraja pembeni. Seli E2 hadi E6 zina 0, 30, 45, 65 na 75, na F2 hadi F6 zina herufi F, D, C, B na A. Alama za wanafunzi ziko safu ya B, na kila mwanafunzi anapewa daraja kwenye safu ya C kwa fomula hii:

```
=VLOOKUP(B2,$E$2:$F$6,2,TRUE)
```

Fomula hii husoma namba za safu ya E kama mahali daraja linapoanzia. Mwenye 30 amefika mwanzo wa D, basi ni D. Mwenye 75 amefika mwanzo wa A, basi ni A. Mpaka hapa ni sawa kabisa.

Tatizo linaingia pale anapotaka kuhesabu wangapi wako kila daraja. Safu ya mipaka tayari ipo, kwa hiyo anaitumia tena:

```
=FREQUENCY(B2:B21,E3:E6)
```

FREQUENCY haisomi namba hizo kama mwanzo wa kundi. Inazisoma kama mwisho wa kundi, na namba ya mwisho yenyewe inahesabiwa ndani. Ukiipa 30, 45, 65 na 75, kundi la kwanza kwake ni kila alama isiyozidi 30. La pili ni zaidi ya 30 hadi 45 kamili, na kuendelea hivyo, kisha inaongeza kundi la tano la kila alama inayozidi 75. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyesimama mpakani kabisa anashushwa daraja moja. Mwenye 30 anahesabiwa F, mwenye 75 anahesabiwa B. Excel haijaharibika. Ndivyo fomula hiyo ilivyotengenezwa, na Google Sheets inafanya vivyo hivyo.

Chukua darasa la wanafunzi 20 wenye alama hizi za hisabati: 12, 18, 24, 29, 30, 30, 33, 38, 41, 45, 45, 47, 52, 58, 64, 65, 68, 74, 75, 81. Kwa madaraja halali, F ni 4, D ni 5, C ni 6, B ni 3 na A ni 2. FREQUENCY iliyopewa mipaka ya 30, 45, 65 na 75 itatoa F 6, D 5, C 5, B 3 na A 1.

Tazama majibu hayo mawili kwa makini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Jumla zote mbili ni 20, hivyo kukagua jumla hakusaidii kitu. D ni 5 kote na B ni 3 kote, ingawa watu waliomo si walewale: wawili wenye 30 wametolewa D wakapelekwa F, na wawili wenye 45 wameshushwa kutoka C wakaziba nafasi zao. Mwalimu akikagua daraja moja la katikati kwa bahati, akakuta linalingana, ataamini jedwali lote. Kumbe ufaulu, ukihesabu kuanzia D, umeshuka kutoka wanafunzi 16 hadi 14, yaani kutoka asilimia 80 hadi asilimia 70. Asilimia hizo kumi ni matokeo ya mipaka tu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefanya vibaya zaidi. Sisi tunaliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu mwalimu wa somo huulizwa juu ya asilimia hizo mbele ya wenzake.

Tena, alama ni namba kamili, kwa hiyo wanafunzi kuangukia 30 au 45 kamili si jambo la nadra. Na mwalimu anayesahihisha akiona 29 mara nyingi hurudia karatasi kutafuta alama moja iliyosahaulika. Mpakani ndipo penye watu.

Ili kujua kama faili lako lina kasoro hii, usianze na darasa zima. Fungua karatasi tupu, andika alama nane tu: 29, 30, 44, 45, 64, 65, 74 na 75. Ielekeze fomula yako ya kuhesabu kwenye alama hizo. Kuanzia F hadi A, jibu sahihi ni 1, 2, 2, 2, 1. Ukipata 2, 2, 2, 2, 0, mipaka yako inavuta watu chini. Jaribio hili linafaa kwa fomula yoyote ya makundi, kwa sababu linagusa kila mpaka kutoka pande zote mbili na halina kitu kingine cha kukupoteza.

Dawa ambayo watu wengi hupeana ni kuipa FREQUENCY mwisho halisi wa kila daraja: 29, 44, 64 na 74. Kwa alama kamili inafanya kazi vizuri. Lakini sisi hatuipendi, na sababu ni wastani. Shule ikijumlisha majaribio mawili na mtihani wa muhula kisha ikagawanya, mwanafunzi anaweza kupata 74.2. Kwa FREQUENCY yenye ukomo wa 74, huyo amezidi 74, hivyo anahesabiwa A. Kwa VLOOKUP hajafika 75, hivyo herufi yake ni B. Na kwa kuwa seli imepangwa isionyeshe desimali, kwenye kioo inasomeka 74. Hapo muhtasari umeanza kupandisha watu badala ya kuwashusha, na hitilafu hii ni ngumu zaidi kuiona kwa sababu haimsumbui mtu yeyote.

Mwenye 74.6 ana shida yake. Kwenye kioo anasomeka 75, mzazi anaona 75 kwenye ripoti, lakini herufi iliyo mbele ni B, kwa sababu kompyuta inalinganisha 74.6 na siyo kile kinachoonekana. Uamuzi wa kukadiria ni wa shule, si wa fomula. Shule ikiamua kwamba nusu na zaidi hupanda, basi wastani ukadiriwe kabla ya kugusa madaraja. Alama tatu zikiwa safu za H hadi J, fomula hii inakaa safu ya B:

```
=ROUND(AVERAGE(H2:J2),0)
```

Baada ya hapo, kinachoonekana na kinachohesabiwa ni namba moja.

Njia tunayotumia kwenye kazi za wateja ni kutohesabu makundi kutoka kwenye alama kabisa. Kila mwanafunzi tayari ana herufi iliyotolewa na VLOOKUP, basi tunahesabu herufi:

```
=COUNTIF(C2:C21,"F")
```

Hapa kanuni ya mpaka iko mahali pamoja tu, kwenye kile kijedwali cha madaraja. Mipaka ikibadilishwa, herufi na muhtasari vinabadilika pamoja, na haiwezekani orodha iseme wanne huku muhtasari ukisema sita.

Kama faili halina safu ya herufi, tumia COUNTIFS na uandike kila upande wa mpaka waziwazi:

```
=COUNTIFS(B2:B21,">=30",B2:B21,"<45")
```

Alama ya usawa iwe upande mmoja tu. Tumekuta mafaili yenye `>=30` na `<=45`, yakifuatiwa na `>=45` na `<=65`. Hapo mwenye 45 anahesabiwa mara mbili na jumla inazidi idadi ya darasa. Wengine huandika `<=44` kisha `>=45`, na mwenye wastani wa 44.5 anapotea, jumla inapungua. Makosa haya mawili angalau hujitokeza kwenye jumla.

Kuhusu chati, histogramu ya Excel iliyotengenezwa tayari ina tabia ileile ya kuhesabu mwisho wa kundi ndani yake. Chini ya nguzo utaona maandishi kama `(30, 45]`. Mabano ya mviringo yanamaanisha namba hiyo haimo, ya mraba yanamaanisha imo, kwa hiyo hapo 30 haimo na 45 imo. Kwa madaraja, chati hiyo haifai hata hivyo, kwa sababu nguzo zake za katikati lazima ziwe na upana sawa, na madaraja yetu hayana. Tengeneza chati ya nguzo ya kawaida kutoka kwenye jedwali la COUNTIF.

Wateja wachache, hasa wenye takwimu za wilaya nzima, wameshahamia kwenye Python, na huko mambo yanatofautiana ndani ya lugha hiyohiyo. `numpy.histogram` huanza kundi na namba ya mwanzo ikiwa ndani na ya mwisho nje, isipokuwa kundi la mwisho kabisa ambalo lina zote mbili. `pandas.cut` kwa kawaida yake hufanya kinyume: mwanzo uko nje, mwisho uko ndani. Ukiipa 0, 30, 45, 65, 75, 100, mwenye 0 hapati kundi lolote, anaachwa wazi. Ukigeuza kwa `right=False`, madaraja yanakaa sawa lakini mwenye 100 ndiye anayeachwa, kwa hiyo mpaka wa mwisho tunauweka 101:

```python
pd.cut(alama, [0, 30, 45, 65, 75, 101],
       right=False, labels=list("FDCBA"))
```

Shule ikituletea faili lililokwisha kutumika, tunaomba vitu viwili pamoja nalo: mipaka ya madaraja iliyoandikwa kwa maneno, kwa mfano "D huanza 30", na uamuzi wa shule juu ya nusu alama. Tukirudisha faili, karatasi yenye zile alama nane za mpakani inabaki ndani yake, ikiwa imeunganishwa na kijedwali kilekile, ili mwalimu wa taaluma aitazame kila muhula kabla ya kuchapisha.