Tangazo la bajeti lipo ubaoni, sasa tulisome kwa lugha yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mwaka mpya wa fedha umeanza Julai 1 na huku kwetu Ruvuma halmashauri imetoa tangazo la bajeti, limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji pamoja na matangazo ya chanjo na ya mbolea ya ruzuku, watu wanapita, wanaangalia, wanaondoka. Kusoma wanajua, ila ile karatasi imeandikwa kwa ajili ya mkaguzi wa hesabu, ina masafu ya namba na sifuri mpaka macho yanachoka, na mwisho wa siku kinachobaki mdomoni ni neno moja tu, "wamekula".

Mi naamini kuna hela zinaliwa kweli na kuna nyingine hazijaliwa kabisa kwasababu hazijawahi kufika, na tukishindwa kutofautisha hizo mbili basi anayefurahi ni yule mwizi, maana lawama za jumla zinajibiwa kwa neno moja na mkutano unafungwa. Ndo maana nikaandika hotuba fupi ya kusoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Naileta hapa ili mjumbe wa serikali ya kijiji, mwalimu au kijana yeyote aichukue aisome kwao. Namba za ndani nimeweka za mfano, za mviringo, hesabu iwe nyepesi, wewe weka zilizopo kwenye tangazo lako. Na kabla hujasoma angalia juu kabisa ya jedwali, kama pameandikwa Sh. '000 maana yake kila namba imekatwa sifuri tatu, kwahiyo 50,000 hapo ni milioni 50, watu wengi wanapotea hapo hapo mwanzoni.

Hotuba yenyewe hii hapa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mama zangu, ndugu zangu vijana. Nimeombwa niseme kuhusu lile tangazo la ubaoni, sitakaa sana.

Kitu cha kwanza, lile ni tangazo la halmashauri ya wilaya nzima, sio la kijiji chetu. Mapato na matumizi ya kijiji ni karatasi nyingine, hiyo Mtendaji anatusomea sisi hapa kwenye mkutano huu ambao kisheria unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu, kwahiyo tusichanganye. Tangazo linasema bajeti ni bilioni 30. Najua mtu akisikia bilioni 30 anajiuliza mbona barabara yetu vile. Sasa hizo bilioni 30 zina mafungu matatu. Tuseme bilioni 20 ni mishahara ya walimu, manesi na watumishi wengine, hiyo inatoka Hazina inaenda kwenye akaunti ya mtumishi mwenyewe, mkurugenzi hawezi akaichukua akachimbia kisima. Bilioni 7 ni hela za serikali kuu na wafadhili, zinakuja zikiwa na jina tayari, hii ya madarasa, hii ya dawa, na huwezi ukabadilisha jina kwasababu kijiji kimeomba kitu kingine. Zinabaki bilioni 3, hizo ndo mapato ya ndani, yaani zile halmashauri inakusanya yenyewe, ushuru wa mazao, leseni, ushuru wa soko na stendi. Mkiona mnunuzi wa mahindi kwenye geti anakatiwa risiti ya mashine, hela ile inaingia humo. Ushuru ule ni wa mnunuzi kisheria, sio wa mkulima, kwahiyo akikwambia nakukata bei kwasababu ya ushuru ujue anakuhamishia mzigo wake. Na akipita bila risiti fungu hili ndo linapungua, hili ambalo diwani wetu ana nguvu nalo kuliko mafungu yote.

Kitu cha pili ndo kikubwa, naomba tusikilizane. Neno makisio maana yake tunategemea. Madiwani wamekaa wakasema mwaka huu tunategemea kukusanya kiasi hiki na tukikipata tutafanya mambo haya. Hela yenyewe bado haipo. Kwahiyo kwenye tangazo usiangalie safu moja, angalia tatu, ya kwanza ni makisio, ya pili ni fedha zilizopokelewa, ya tatu ni zilizotumika.

Sasa tuje kwenye zahanati yetu, ile tuliyojenga kwa nguvu zetu mpaka kwenye lenta. Mwaka jana tangazo lilisema umaliziaji wa zahanati milioni 50. Mwaka huu linasema milioni 30. Nimesikia kule kilabuni watu wanajumlisha, wanasema zahanati imepewa milioni 80 na bati halijapanda. Hapana. Tazameni safu ya pili ya mwaka jana, imeandikwa 20. Yaani waliahidi 50 zikaja 20, zile 30 ambazo hazikuja ndo hizo hizo zimeandikwa tena mwaka huu. Ahadi ile ile imevuka mwaka. Kwahiyo hela iliyowahi kufika kwenye zahanati hii mpaka leo ni milioni 20, na milioni 30 bado ni deni la maneno.

Ndugu zangu hapo ndo kuna maswali mawili tofauti na kila moja lina mtu wake. Swali la zile 30 tunamuuliza diwani, mheshimiwa kwanini hazikuja, makusanyo yalishuka au zilipelekwa mradi mwingine, na kama ni mradi mwingine baraza la madiwani lilipitisha lini. Swali la zile 20 ni la kwetu hapa hapa kijijini, kwasababu hela ya ujenzi wa namna hii inasimamiwa na kamati zetu, kuna kamati ya manunuzi, kuna kamati ya mapokezi, kuna kamati ya ujenzi, na wajumbe wake ni sisi sisi tulionyoosha mikono tukawachagua. Zile 20 safu ya tatu inasema zimetumika zote, bati, mbao na misumari. Basi kamati ya mapokezi ituonyeshe hati ya kupokelea mzigo, imesainiwa na nani, bati ngapi, geji ngapi. Kama makadirio yalisema geji 28 na bati lililopo stoo limepigwa mhuri wa geji 30, hilo ni bati jembamba zaidi na bei yake ni ndogo, maana geji namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Mtu yeyote anaweza akaenda akasoma ule mhuri kwa macho yake, hauhitaji uhasibu.

Kitu cha tatu, kina mama na vijana mnaoulizia mikopo. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangazo linasema makisio milioni 300. Lakini asilimia inakokotolewa kwenye kilichokusanywa, na kama mwaka jana walitegemea bilioni 3 wakapata bilioni 1.8 basi fungu lile ni milioni 180, wanawake 72, vijana 72, wenye ulemavu 36. Na hiyo ni ya wilaya nzima, vikundi vyote vya kata zote. Tukienda kuuliza tuulize makusanyo yalikuwa shilingi ngapi na asilimia 10 yake iliingia kwenye akaunti ya mikopo shilingi ngapi, hizo namba mbili tu, kisha tugawanye wenyewe. Isipofika kumi tudai maelezo.

La mwisho ni tarehe. Tangazo hili limeshapitishwa, hata tukilia leo kisima hakiingii. Bunge linapitisha bajeti kati ya Aprili na Juni, kabla ya hapo madiwani wanakuwa wameshakaa mwanzoni mwa mwaka, na kabla yao kamati ya maendeleo ya kata imeshapeleka vipaumbele. Kwahiyo ombi la kijiji kwa bajeti ijayo linatakiwa litoke hapa kabla Desemba haijaisha, likiwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu, na mahudhurio yamesainiwa. Ombi la mdomoni kwa diwani akiwa msibani halipo popote. Naomba Mwenyekiti mkutano ujao agenda ya kwanza iwe hiyo, tuchague vitu viwili, sio kumi na tano. Asanteni."

Mhariri, hotuba imeishia hapo. Kwa wanaotaka kuisoma kwao niongeze kidogo. Usibebe tangazo lote ukaanza kusoma mstari kwa mstari, watu watasinzia, chukua mradi mmoja ambao kila mtu anaupita njiani, andika safu zake tatu kwa maka pen kwenye manila, ibandike ukutani halafu ongea. Na omba isomwe mapema, bajeti ikiwekwa mwisho baada ya migogoro ya mipaka na ng'ombe walioingia shambani kina mama wanakuwa wameshaenda kupika.

Kuna shida moja ambayo hotuba haiwezi kuiondoa, matangazo mengine yanabandikwa na safu ya makisio peke yake, safu ya pili na ya tatu hazipo. Hapo huwezi kujua chochote na usimdanganye mtu kwamba umeelewa. Mtendaji aandike barua kwa mkurugenzi kuomba taarifa ya utekelezaji ya mwaka uliopita kwa miradi ya kijiji husika, nakala kwa diwani, na barua ile isomwe kwenye mkutano pamoja na tarehe iliyopokelewa. Diwani naye ana haki ya kuuliza kwenye baraza la robo mwaka, vikao vile ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza, sisi huku wengi hatujawahi kwenda hata kimoja na nauli ya kuchangia mtu mmoja aende haitushindi.

Ombi langu kwa gazeti lako, na kwa wakurugenzi wanaosoma barua hizi, ni kwamba tangazo linalokuja kila kijiji kipewe karatasi moja ya ziada yenye miradi ya kijiji hicho tu, safu tatu, namba kamili bila kukata sifuri, na mwaka ambao mradi uliandikwa kwa mara ya kwanza. Huo mwaka wa kwanza ndo nautaka sana, maana bila huo ahadi moja inahesabiwa mara mbili mara tatu, kijiji kinaonekana kimepewa hela nyingi na huku zahanati haina paa.

Mjumbe wa serikali ya kijiji,
Ruvuma