Barua kwa mdogo wangu: tukio la mapenzi lisilo na busu

Lancaster, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, ni baridi tu inayonisumbua. Wape wazee shikamoo zangu.

Umeniuliza utapigaje tukio la mapenzi kwa zoezi lako la chuo bila busu wala kukumbatiana, maana mama na baba watataka kuliona. Inawezekana kabisa. Tafuta Brief Encounter, filamu ya David Lean ya mwaka 1945. Sehemu za stesheni zilipigwa Carnforth, jirani kabisa na ninapoishi. Vita vilikuwa havijaisha, na huku kaskazini palikuwa mbali na mabomu, kwa hiyo waliweza kuwasha taa usiku.

Laura ni mke wa mtu, na Alec ni daktari mwenye mke wake. Wamekaa kwenye mgahawa wa stesheni wakingoja treni, na Alec anaeleza kazi yake: vumbi la makaa ya mawe linavyoharibu mapafu ya wachimbaji, vumbi la chuma, vumbi la mawe. Hakuna neno la mapenzi hata moja. Lakini kamera imeshasogea, tunaona uso wake, kisha uso wa Laura, na piano ya mtunzi wa muziki Rachmaninoff inaanza chini kwa chini huku Alec akiendelea kutaja magonjwa. Mtazame Laura hapo. Hasikilizi tena habari za mapafu, anamsikiliza mtu. Kisha treni inafika, na mazungumzo yanakatika.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Mapenzi ya tukio lile yako kwenye uso wa anayesikiliza. Wanafunzi wengi hupiga klozapu ya anayesema, halafu wanashangaa kwa nini watazamaji hawaguswi. Mwenye maneno ana kazi ya kusema. Aliyenyamaza hana pa kuficha kitu. Na klozapu isije mapema. Ukianza na uso mkubwa tangu mwanzo, utakapotaka kutusogeza karibu zaidi hutakuwa na pa kwenda. Anza na meza, vikombe na watu wengine mgahawani, kisha ubaki na nyuso mbili tu.

Muziki nao una mwenyewe. Laura yuko nyumbani kwake, redio inapiga muziki huohuo wa piano, naye anakumbuka yote kimyakimya mbele ya mumewe, mpaka mume anamwomba apunguze sauti. Kwa hiyo piano ile inatoka ndani ya kumbukumbu yake, ndiyo maana haionekani kama imebandikwa ili tulie. Ukipachika wimbo wa huzuni tangu sekunde ya kwanza, unatuambia la kuhisi kabla hatujaona sababu. Acha kwanza tusikie vikombe na kelele za watu, halafu muziki uingie nyuma ya sentensi ya kawaida.

Kuhusu taa, nenda moja kwa moja mwishoni. Alec ameshaondoka, na kwaheri yao imeharibiwa na rafiki wa Laura mwenye maneno mengi. Kilichobaki ni mkono wa Alec uliominya bega la Laura kidogo. Laura anatoka mbio hadi ukingoni mwa reli. Treni ya kasi inapita, na mwanga wa madirisha yake unampiga usoni, giza, mwanga, giza, mwanga. Kamera imeinama upande, na treni ikishapita inarudi wima. Uso wake haufanyi mengi. Mwanga ndio unaotikisika kwa niaba yake.

Wewe huna treni, lakini una dirisha. Mweke mwigizaji dirisha likiwa ubavuni mwake, mbele kidogo, uzime taa ya dari, kwa sababu mwanga wa juu hutia vivuli machoni na kumfanya aonekane mgonjwa. Upande wenye giza weka kitambaa cheupe, ukisogeze na kukirudisha nyuma mpaka kivuli kikupendeze. Kwa ngozi yetu nyeusi usikimbilie kuongeza taa. Kinachopendeza ni mng'ao laini shavuni, nao unatokana na mwanga mpana. Kisha angalia macho: kama huoni kinukta cha mwanga ndani yake, mgeuze uso kidogo kuelekea dirishani. Jicho lisilo na kinukta hicho linaonekana limekufa, hata mwigizaji awe hodari vipi. Na usimsogelee na simu hadi puani, pua itavimba. Rudi nyuma na utumie lenzi ya mbali kama simu yako inayo.

Ukimaliza kuunganisha, nitumie kwanza nakala isiyo na muziki wala sauti. Nikiweza kujua ni nani anampenda nani, na ni wakati gani hasa ameanza, tutazungumza habari ya wimbo.

Dada yako akupendaye