Somoe, ujumbe uliomtumia mama yako ulinifikia mimi

Mikindani, Mtwara

Kwako shoga yangu Somoe,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na bahari imetulia wiki hii, kwa hiyo samaki si haba. Juzi kwenye simu tulilia kuliko kuongea, na salio likakata ukiwa katikati ya habari za mumeo. Nikaona niandike, maana uliniuliza mambo mawili sikukujibu: laini hii niliipata wapi, na nilijuaje kuwa ni wewe.

Ujumbe wako uliingia alfajiri, ndiyo kwanza nabandika chai. Sijaufuta mpaka leo: “Shikamoo mama. Simu yangu imeharibika hii ndo namba mpya. Salfa nimepakia kwenye basi mifuko miwili. Mwambie mjomba apulize na ile mikorosho ya marehemu Mama Hadija kule mpakani, ikiachwa itatuambukizia yetu.”

Kusema kweli, nilipoona “hii ndo namba mpya” nikajua matapeli hao. Siku hizi nani hajapata ile ya “ile hela tuma kwenye namba hii”? Kidole kilikuwa kinaelekea kufuta. Lakini tapeli anaomba hela, hapakii salfa kwenye basi. Halafu nikaliona jina la mama yangu, limetangulizwa na “marehemu”, ndani ya simu ambayo ilikuwa yake.

Nikafanya wanavyofanya watu wote. Nikaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, nikaandika namba yako, nikaweka shilingi 1,000, na kabla sijatia namba ya siri likaja jina lako kamili, na la marehemu baba yako likiwa katikati. Nikaghairi muamala, nikakaa juu ya kinu. Nikakupigia, hukupokea. Nikapiga tena, ukakata. Na wewe ulikuwa unaniogopa! Kumbe muda huohuo ulikuwa unafanya kama mimi, unalitazama jina langu kwenye simu yako. Ulipopiga wewe hukunisalimia hata kidogo, uliuliza tu: “Lile kovu bado unalo?”

Ninalo, Somoe. Liko palepale juu ya kiwiko. Watoto wangu wamezoea korosho za pakiti, hawaamini nikiwaambia tulikuwa tunazikaanga wenyewe kwenye kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari. Mafuta ya maganda yanaanza kutoka, bati zima linashika moto, moshi unawasha macho, na wewe ndiye uliyekuwa na ubingwa wa kujua wakati wa kulipindua bati na kumwagia mchanga. Moja ikapasuka ikanirukia, mafuta yakanata kwenye ngozi. Ulinipaka majivu ukanikataza kulia, maana tungesikika tukanyang’anywa zote.

Sasa habari ya laini. Jana nilimpigia mama yako, safari hii kwa namba yake sahihi. Nilipojitaja alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeshakula. Ndiye aliyenieleza. Mwaka ule malipo ya korosho yalipotoka, alikuja kijana wa laini na mwamvuli wake pale Kitangari, akakaa karibu na ghala. Mama zetu walikwenda pamoja. Laini alikuwa anazitoa kwenye boksi moja kwa mpangilio, na kati ya mama yangu na mama yako kwenye foleni walisimama watu wawili. Ndiyo maana ya mama yangu inaishia na 4, ya mama yako inaishia na 7, na tarakimu nyingine zote ni zilezile. Wewe uliandika namba kwa kichwa kwenye simu ngeni ya vitufe. Itazame hiyo simu yako: 7 iko chini tu ya 4. Kidole kilipanda mstari mmoja tu.

Na kwa nini laini ya mama ina jina langu? Ulipokuja usajili wa alama za vidole, ule uliofungwa Januari 2020, mama alikuwa ameshahamia kwangu. Nikampeleka kwa wakala, mashine ikakataa kidole baada ya kidole. Yule dada akamfutia mikono kwa kitambaa, akampaka mafuta, wapi. Miaka yote ya kubangua korosho kwa mkono, yale mafuta ya maganda yalikuwa yameshazila alama. Vidole vimelainika kama sabuni iliyotumika. Ikabidi niweke vyangu ili namba isifungwe.

Ule ugomvi wao mimi siuelewi hadi leo. Mikorosho mitatu ya mpakani, basi. Mama yako anasema ilipandwa na babu yako, mama yangu alikufa akisema ni ya baba yake, na mpimaji hajawahi kufika. Kwa ajili ya miti mitatu wakaacha kusemeshana, mimi nikakatazwa hata kutaja jina lako, na wewe ukaenda Nachingwea kwa shangazi bila kuniaga. Nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi, bora nikwambie. Na hapo hapo wazee wenyewe namba zao zimelala jirani.

Lakini hoja yako ya salfa ni ya kweli, na imenipa aibu kidogo mbele ya wenye mashamba. Tangu mama afariki, mikorosho yetu haijapaliliwa wala kupulizwa. Mjomba wako kaniambia kwa simu: maua yameanza kutoka, na tayari kwenye miti yetu yana unga mweupe kama yamepakwa sembe. Huo ni ubwiriunga. Yakishageuka kahawia na kukauka hakuna tena cha kuokoa, na upepo unaubeba ugonjwa mpaka kwenu hata mkipuliza vipi.

Basi nimepiga hesabu. Mikorosho ya mama iko 30, pamoja na ile mitatu ya kesi. Mjomba anatumia robo kilo kwa mti, kwa hiyo kila mzunguko ni kilo saba na nusu. Mfuko wa kilo 25 unatutosha mizunguko mitatu, na anarudia kila baada ya wiki mbili hivi. Mfuko nimeununua mjini, utapanda basi la Newala Ijumaa, na hela ya petroli ya mashine nimeshamtumia. Nimemwambia aanze alfajiri umande ukiwa bado majanini ili salfa ishike, na upepo ukianza azime mashine, asitupe vumbi la bure hewani. Akacheka, akasema nisimfundishe kazi.

Korosho za upande wetu mwaka huu azivune mama yako. Zile za miti mitatu aziuze kwa jina lake, mimi sina kesi na mtu. Kama wewe una la kusema juu ya hilo, sema, lakini mwambie yeye kwanza, usiniletee mimi.

Mnada wa kwanza kwa kawaida ni Oktoba. Nataka kupanda Newala kabla ya hapo, mabibo yakianza kuanguka. Niambie wewe unaweza kutoka Nachingwea lini, tukutane Masasi twende pamoja, maana kumkabili mama yako peke yangu siwezi. Njoo na huyo mdogo wako wa mwisho nimwone, na bati nitaleta mimi.

Msalimie shemeji. Mwambie hiyo simu mpya airekebishe maandishi yawe makubwa.

Ni mimi shoga yako,
Hadija